Usimtulize, mwamshe: kijana anapopotea katikati ya kikao

Kilikuwa kikao chetu cha tatu. Binti wa miaka 15 alikuwa ananisimulia mtihani wa hesabu, jambo jepesi tu, nami nikasogeza kitabu mezani ili nimsikilize vizuri. Katikati ya sentensi akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno, nikangoja. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kona ya meza, hayapepesi. Mikono ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kama vitu vilivyosahauliwa pale. Nilipomwita jina alijibu "mm" kwa sauti bapa iliyotoka mbali.

Nikafanya nilichozoea kufanya mtu anapozidiwa. Nilishusha sauti, nikamwambia afumbe macho, avute pumzi ndefu, aiachie polepole, alegeze mabega. Alitii kila neno. Alifumba macho, akavuta pumzi, akalegea, na akazidi kwenda. Kichwa kiliinama, midomo ikapauka. Zilipita dakika 11 kwa saa ya ukutani ndipo akainua uso akaniuliza, "Anti, tulikuwa tunasema nini?"

Nilikuwa nimemtuliza mtoto aliyekwisha kutulia kupita kiasi. Alihitaji kuamshwa, mimi nikambembeleza alale. Tangu siku ile nimejifunza mengi kutoka kwake na kutoka kwa vijana wengine waliomfuata, na ninaandika kwa ajili ya wanasihi wenzangu wanaokaa na vijana wenye kiwewe na ambao pengine wanafanya kosa lilelile kwa nia njema ileile. Binti na mama yake wameniruhusu kusimulia. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.

Jina la kitaalamu la hali hii ni disosiesheni, wengine husema mtengano wa nafsi. Mimi hupenda zaidi maneno ya vijana wenyewe: "nazima", "napotea", "nakuwa sipo", "naona kama ndoto". Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba hapo kuna mambo mawili tofauti. Kuna kupotea, ambapo kijana anakatika na muda unapita bila yeye. Na kuna kujiona si halisi, ambapo yupo, anasikia kila kitu, lakini dunia imekuwa kama picha au yeye mwenyewe amekuwa kama mtu anayetazamwa kutoka juu ya dari. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ndilo lililonishinda siku ile.

Mwili unaotishwa hauna njia moja ya kujilinda. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Maggie Schauer na Thomas Elbert, waliandika mwaka 2010 kwamba hatari inapozidi, ulinzi huu hushuka ngazi kwa ngazi. Kwanza mtu huganda na kutega sikio. Kisha mwili unajiandaa kukimbia au kupigana: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, damu inajaa miguuni na mikononi. Lakini kama mlango umefungwa na mpigaji ni mkubwa kuliko wewe, kukimbia hakupo na kupigana ni kujizidishia kipigo. Hapo mwili hugeuza mwelekeo. Mapigo ya moyo yanapungua, shinikizo la damu linashuka, misuli inalegea, maumivu yanafifia, maneno yanapotea. Hiyo ndiyo ngazi ya chini, inayokaribia kuzirai. Mtoto aliyeishi kwenye ngazi hiyo mara nyingi hujifunza kuiteremkia moja kwa moja, bila kupita zile za juu, hata kwa kitu kidogo kinachofanana na hatari ya zamani.

Ukishaelewa hivyo, unaona kwa nini pumzi ndefu na macho yaliyofumbwa vilimzamisha binti yule. Pumzi ya polepole hupunguza kasi ya moyo, na moyo wake ulikuwa tayari unapunguza kasi. Macho yaliyofumbwa humwondolea mtu chumba kilichopo na kumwachia kile cha ndani. Kulegeza mwili ni kukamilisha kazi ambayo woga wenyewe umeianza. Mbinu hiyo inamfaa anayetetemeka na kuhema, kwa kuwa yule yuko ngazi ya juu. Kwa aliyezimika unahitaji kinyume chake.

Lakini kabla ya mbinu yoyote kuna swali la daktari, nami naomba lisirukwe. Kuna kifafa kisichoangusha mtu wala kumtetemesha. Mtoto hukatika ghafla kama taa iliyozimwa, mara nyingi kwa muda usiofika nusu dakika, kisha anaendelea alipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinaweza kumjia mara nyingi kwa siku, hata akiwa anacheza na kucheka, na kumwita au kumgusa hakukikatishi. Kuna aina nyingine inayochukua dakika moja au mbili, mtu akitafunatafuna au kupapasa nguo zake, na baadaye anabaki amechanganyikiwa. Kupotea kwa kiwewe kwa kawaida huingia taratibu, hudumu zaidi, huwa na kichocheo ukikitafuta, na hufupishwa na sauti au mwendo. Dalili hizi hazitoshi kukata shauri, maana kijana mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na kipimo cha umeme wa ubongo kikitoka safi siku moja hakiondoi kifafa moja kwa moja. Kwa hiyo binti alikwenda kwa daktari kwanza. Niliuliza pia kuhusu usingizi, kula, dawa anazotumia, na bangi, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kumfanya mtu ajione hayupo.

Swali la pili la kabla ni zito zaidi: je, hatari imekwisha? Wengi wetu tunamwambia kijana "sasa uko salama" kama sehemu ya kumrudisha. Kama jioni anarudi nyumba ileile kwa mtu yuleyule, maneno hayo ni uongo, na mwili wake unajua. Kwa kijana kama huyo kupotea bado ni silaha, na kazi ya kwanza ni ulinzi wake halisi. Binti huyu alikuwa ametolewa katika nyumba ile miaka mitatu nyuma. Ndugu aliyemlea kuanzia miaka 10 hadi 12 alikuwa akimfungia stoo kwa saa nyingi, kisha anarudi kumpiga. Sasa anaishi na mama yake, na yule ndugu hana njia ya kumfikia. Nilihakikisha hilo kwa mama kabla sijathubutu kulisema kwa binti.

Kikao cha nne hatukugusa kumbukumbu yoyote. Mbinu hizi hufundishwa mtu akiwa yupo kamili. Aliyepotea hana akili ya kujifunza jambo jipya, anaweza tu kufuata njia ambayo miguu yake imeshaizoea. Nilimweleza niliyokueleza kuhusu ngazi za mwili, kwa maneno mafupi, na nikamwona anavuta kiti mbele. Shuleni walimwambia ana kiburi kwa sababu anamtazama mwalimu bila kujibu. Nyumbani walimwita mvivu wa kusikia. Aliuliza, "Kwa hiyo mimi si chizi?" Nikamwambia mwili wake uligundua mlango pekee uliokuwa wazi ndani ya stoo, nao ulikuwa wa kuelekea ndani. Tatizo ni kwamba bado unautumia siku ambazo milango mingine yote iko wazi.

Kisha nikamuuliza anataka nifanye nini akipotea tena. Swali hili naliuliza kila kijana sasa, na majibu hayafanani. Yeye alisema: usiniguse, usininong'oneze, usiniulize kama niko sawa. Kuguswa akiwa mbali kulikuwa na maana moja tu mwilini mwake. Kunong'ona kulimrudisha kwenye kungoja nje ya mlango. Na "uko sawa?" lilimlazimisha aseme ndiyo, kisha abaki peke yake kulekule. Ningeyajua hayo mapema, zile dakika 11 zisingekuwa 11.

Tukatengeneza pia kipimo chetu. Kumi maana yake nipo kamili, sifuri maana yake sipo kabisa. Kwa kuwa maneno ndiyo yanayotangulia kuondoka, tulikubaliana aoneshe kwa mkono: kiganja usawa wa kidevu ni kumi, kwenye goti ni sifuri. Nilimwomba akumbuke ni nini hutokea anaposhuka kutoka kumi hadi saba, kwa sababu hapo ndipo mtu bado ana nguvu za kujisaidia. Alifikiri sana. Akasema sauti yangu huwa mbali, kama niko juu naye yuko chini ya maji, na ncha za vidole zinakuwa si zake. Mimi kwa upande wangu niliongeza nilichokiona kwa nje: kupepesa macho kunapungua, majibu yanachelewa, "sijui" zinaongezeka, na mguu uliokuwa ukitikisika unasimama. Mguu ule ndio ulionisaidia kuliko vyote. Ukisimama, naacha swali langu pale lilipo.

Sasa mpangilio wenyewe. Naanza na sauti, ya kawaida, imara kidogo kuliko ya mazungumzo, na sentensi fupi. Namwita jina, nasema mimi ni nani, tuko wapi, leo ni siku gani. Simuulizi, namwambia, kwa sababu swali ni mzigo kwa asiye na maneno. Kisha macho: "Tazama dirisha. Sasa tazama mlango. Sasa nitazame mimi." Macho yaliyoganda yakianza kutembea, shingo inafuata, na mtu aliyegeuza shingo ameanza kukagua chumba alichomo. Kisha miguu: "Sukuma sakafu kwa nyayo zote mbili, kama unataka kukisogeza kiti nyuma." Neno sukuma lina faida. Nikisema "hisi miguu yako", aliyekufa ganzi hana cha kuhisi na anajiona ameshindwa. Kusukuma kunawezekana hata bila kuhisi, na hisia huja baadaye.

Baada ya hapo ni kukaza misuli, na hapa ndipo nilipoona tofauti kubwa kuliko popote. Mbinu hii ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, kwa ajili ya watu wanaozirai wakiona damu, ambao nao shinikizo la damu huwashuka. Unakaza mapaja, tumbo na mikono kwa pamoja kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto linapanda usoni. Huzuii pumzi. Kisha unaachia, lakini unarudi kwenye mkao wa kawaida tu, hulegei kama kitambaa. Unapumzika sekunde 20 au 30, unarudia, mara tano. Vijana wengi hukosea pale pa kuachia: wanapumua kwa nguvu na kujimwaga kitini, na kila walichokipata kinamwagika. Mwenye jeraha, mjamzito au mwenye shinikizo la damu aulize daktari kwanza. Kwa wengine wote, ukiweza kumfanya asimame, msimamishe. Mara nyingi nafanya naye akiwa amesimama mbele yangu, ili asijione kioja.

Akishafika sita au saba, mpira. Ninao mmoja laini, nao hukaa wazi mezani ili usiwe jambo la kushtukiza. Ninamrushia, ananirushia. Kudaka kunahitaji macho yapime umbali, mikono iwahi, na akili iwe kwenye sekunde hii hii. Ni vigumu mno kudaka mpira ukiwa wewe mwenyewe hupo. Ukimdondoka mara mbili mfululizo najua bado hajafika, na sirudii mazungumzo. Kwa vijana wa kiume hasa, mpira umekuwa lugha rahisi kuliko maelezo yangu yote.

Kuhusu baridi nina tahadhari. Wengi hufundisha kumwagia uso maji baridi au kuuzamisha. Uso ukipata baridi huku pumzi imezuiwa, mwili hupunguza mapigo ya moyo, kama wa mpiga mbizi. Hilo linamfaa anayewaka kwa hofu. Kwa anayezimika ni kumsukuma upande uleule anakokwenda. Kwake yeye naweka kitu baridi kwenye viganja, akishike mwenyewe na kukihamisha mkono hadi mkono. Situmii chochote kinachouma, hata utepe wa mpira wa kujipiga kwenye kifundo cha mkono. Baadhi ya vijana hujiumiza kwa sababu hiyo hasa, kwamba maumivu ndiyo pekee yanayowarudisha, na sitaki kuwafundisha njia hiyo kwa sura nyingine. Kijana akiniambia anapotea, nauliza waziwazi na kwa utulivu kama amewahi kujiumiza ili ajihisi. Wanapoulizwa hivyo hujibu.

Ile mbinu maarufu ya kutaja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa na kimoja unachokionja ni nzuri, ila haifanyi kazi kila mahali. Kwa aliye tatu au chini ni kazi nyingi mno. Na ikizoeleka inakuwa sala ya kukariri: binti alifika mahali anataja kiti, meza, dirisha, saa, mlango, huku macho hayaoni hata kimoja. Niligundua siku aliyotaja saa ya ukutani wakati nilikuwa nimeishusha nibadilishe betri. Tangu hapo naomba vitu vinavyodai kutafutwa. Nitajie kitu kimoja ambacho hakikuwepo wiki iliyopita. Tafuta kitu chenye pembe zaidi ya nne. Rangi gani imejirudia mara nyingi humu? Harufu naziacha mpaka nimjue mtu, kwa sababu harufu ni kichocheo kikali na huwezi kuirudisha ilikotoka.

Akisharudi, kuna jambo wengi wetu tunaliruka kwa furaha ya kumpata tena. Simuulizi kwa nini alipotea. Namuuliza kitu cha mwisho anachokumbuka kukiona au kukisikia. Mara ya kwanza alisema, "Ulikuwa unasogeza kitabu." Mara ya pili ilikuwa dakika ya 20 hivi, hakukumbuka chochote ila mlango wa ukumbi. Mara ya tatu nilikuwa natafuta kalamu mkobani. Niliandika yote matatu kwenye karatasi moja nikayatazama jioni ile kwa muda mrefu. Kitabu kilipokuwa mezani, kilikuwa juu ya funguo zangu. Kila dakika ya 20 msimamizi wa jengo hupita ukumbini na rundo la funguo akifunga vyumba vya nyuma. Mkobani, chini ya kalamu, funguo tena.

Nilimuuliza katika kikao kilichofuata, akiwa tisa, miguu sakafuni, mpira mkononi. Alikaa kimya, lakini mguu wake uliendelea kutikisika, nami nikaridhika kungoja. Akasema, "Nilikuwa nasikia funguo kwanza. Halafu mlango." Hakuwahi kuunganisha mambo hayo mpaka dakika ile. Mwili wake ulikuwa unayaunganisha kila siku.

Hapa kuna njia panda. Ningeweza kuficha funguo zangu kabatini milele, na vikao vyetu vingekuwa na amani. Msimamizi wangu wa kitaaluma alinionya mapema kuhusu amani ya namna hiyo: "Utakuwa unamtoa majini kila anapolowa vidole, na hatajua kuogelea." Alisema kweli. Nimeona wanasihi, nami nikiwemo, wakikimbilia mpira na sakafu kila chozi linapochomoza. Kijana anajifunza kwamba huzuni ni hatari na kwamba mnasihi anaiogopa. Kulia si kupotea. Anayelia huku ananitazama na kuzungumza yupo, pengine kuliko siku zote, na hahitaji kurudishwa popote. Mbinu hizi zipo ili kazi ya kumbukumbu iweze kufanyika. Wala si lazima tungoje mpaka kupotea kuishe kabisa ndipo tuanze kazi hiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 haukukuta kwamba wagonjwa wa kiwewe wanaopotea sana kabla ya tiba hufaidika kidogo na tiba hiyo kuliko wengine. Nadhani wanasihi wengi tunawachelewesha vijana kwa kuogopa kuwavunja.

Kwa hiyo funguo zilitoka kabatini, ila kwa mpango. Kwanza zikiwa ndani ya droo iliyofungwa, anajua zipo. Kisha juu ya meza, kimya. Kisha yeye mwenyewe azisogeze. Kila hatua aliniambia yuko ngapi, na sheria yetu ilikuwa kwamba akifika tano tunasukuma sakafu na kukaza misuli mpaka nane, halafu tunairudia hatua ileile, haturuki mbele wala hatuondoki. Alipozitikisa kwa mara ya kwanza mkono ulishuka kutoka nane hadi nne papo hapo, kope zikasimama. Nilisema jina lake, siku, mahali. Alisukuma sakafu. Mizunguko mitatu ya kukaza, akapanda sita, kisha saba.

Hapo niliuliza swali ambalo nalithamini kuliko mbinu zote, swali la tofauti. Kumbukumbu ya kiwewe haina tarehe, inakuja kama jambo la sasa, na kinachoipa tarehe ni tofauti anazoziona mwenyewe. "Funguo hizi na zile, zinatofautiana nini?" Nilitarajia aseme rangi, au idadi. Alizitazama kwa muda. "Zile zilikuwa upande wa nje," alisema. "Hizi ninazo mimi." Alisimama, bila kuambiwa, akaenda akafunga mlango wa chumba kutoka ndani, akaufungua, akaufunga tena, akaufungua. Sijui ni mara ngapi. Nilikaa kimya.

Niseme kidogo kuhusu ile hali nyingine, ya kujiona si halisi, kwa sababu inahitaji mkono tofauti. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, katika toleo lake la tano, uliongeza aina ya ugonjwa wa kiwewe inayoambatana na hali hiyo, kwa hiyo si jambo la pembeni. Kijana wa miaka 17 aliniambia mikono yake ni kama ya mtu mwingine na barabara ni kama imechorwa. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba anarukwa na akili. Nilimwonesha neno alilolitumia mara mbili bila kujua: kama. Anayeugua saikosisi, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisi, huwa hasemi kama, huwa na hakika kwamba barabara ni ya kuchorwa na yupo aliyeichora. Neno hilo dogo si kipimo cha daktari, ila lilimpa usingizi usiku ule.

Yeye alikuwa akijikagua mchana kutwa, anatazama mikono, anajitazama kwenye kioo, anauliza kama bado ni yeye. Ukitazama kitu chochote hivyo kwa dakika kadhaa kitaanza kuwa kigeni, hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo ukaguzi ulikuwa unazaa kilekile alichokiogopa. Mbinu yoyote ya kumwambia "angalia kama ni halisi" ingemzidishia. Tena yeye alikuwa anahema, pumzi fupi za juu ya kifua, na kuhema kupita kiasi pekee kunatosha kuleta hali hiyo pamoja na ganzi ya vidole. Kwake pumzi ya polepole ilifaa kweli, macho yakiwa wazi, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, kama pumzi sita kwa dakika. Na badala ya kukagua, kazi ya mikono: kuchora, kufunga kamba, kupanga kadi, chochote kinachoendelea vizuri hata kama hisia ya uhalisi haijarudi. Nilimwomba aache kuisubiri. Ilianza kurudi bila kuitwa.

Kwa kipimo cha karatasi, kuna dodoso la vijana liitwalo A-DES, lina maswali 30, kila moja la 0 hadi 10, na wastani wa 4 au zaidi unaashiria kwamba hali inahitaji kuchunguzwa kwa undani. Nalitumia, lakini napata zaidi nikilisoma pamoja na kijana na kumwomba mfano wa kila jibu la juu. Majibu yakionesha kwamba anapoteza saa nzima, anakuta vitu asivyokumbuka kuvinunua, au anasikia sauti ndani zinazobishana kama watu tofauti, mbinu za chumba changu hazitoshi na ninampeleka kwa mtaalamu wa hali hizo.

Na dakika 10 za mwisho za kikao sizigusi kwa kumbukumbu, hata kama mazungumzo yamenoga. Kijana akitoka akiwa tano atavuka barabara akiwa tano. Tunarusha mpira, tunasema anakwenda wapi na kwa njia ipi, ananionesha mkono wake. Chini ya nane hatoki. Mara mbili nilimchelewesha binti na kumpigia mama yake simu aje, na mama hakulalamika alipoelewa sababu. Nilimfundisha naye ile sauti, siku, mahali, miguu, kwa sababu binti hupotea nyumbani pia, na mama alikuwa akimtikisa mabega kwa hofu.

Kikao cha 14 tulirudi kwenye hesabu. Alikuwa amefeli tena, na alikuwa ananieleza kwa hasira kwamba mwalimu amempunguzia alama mbili za haki yake. Ilikuwa dakika ya 20. Ukumbini msimamizi wa jengo alipita na rundo lake, ufunguo mmoja ukaingia tunduni, ukazunguka. Mguu wa binti ukasimama. Macho yakaenda kwenye kona ya meza. Nilifungua kinywa nimwite, kisha nikaona viatu vyake vinasukuma sakafu, kwa nguvu, mpaka kiti kikalia. Akageuza shingo akautazama mlango, akatazama dirisha, akanitazama mimi.

"Ni yule mzee anafunga," alisema. "Basi, hizo alama mbili, Anti, njia nilionesha yote, jibu tu ndilo nililokosea."